Fremu ya nne si Kabula tena: kutatua matatizo ya storibodi inayoandikwa kwa prompti

Storibodi, yaani mfululizo wa michoro ya kupanga filamu, ikiwa ya fremu sita na ikichorwa kwa prompti, yale maelezo unayoiandikia programu ya kuchora picha, fremu ya kwanza karibu kila mara hupendeza. Malalamiko huanza kwenye ya tatu au ya nne. Mwanamke amebadilika sura, jua limehamia upande wa pili, na jabali lililokuwa nyuma ya kibanda limetoweka. Anayeandika hurudia kubonyeza kitufe cha kuchora akitumaini bahati. Bahati haitengenezi mwendelezo, na mara nyingi kosa linaweza kuonekana kwenye maandishi hata kabla ya picha kutoka.

Karibu makosa yote yana chanzo kimoja. Programu ya kuchora picha haikumbuki fremu iliyopita. Kila prompti inaanza na ukurasa mweupe. Ukiandika "yule yule mwanamke akiwa pale pale", programu haina pa kumtafuta huyo yule yule, hivyo inabuni mwingine. Zile za mtindo wa mazungumzo hubeba kiasi cha yaliyotangulia, lakini nazo huteleza kadiri mazungumzo yanavyorefuka. Kwa hiyo mwendelezo unatunzwa na maandishi yako: mistari michache isiyobadilika hata herufi moja, inayonakiliwa na kubandikwa kila fremu, kisha mistari miwili ya mambo yanayobadilika.

Mfano tutakaotembea nao ni wa mwalo mmoja upande wa mjini Mwanza, unaotazama Ghuba ya Mwanza. Mashua za dagaa zinarudi alfajiri, Kabula mchuuzi ananunua ndoo moja, anaianika kwenye chanja. Mistari isiyobadilika ni hii:

```
KABULA: mwanamke wa miaka 35, mnene kidogo, uso wa duara,
kilemba cha njano chenye fundo mbele, blauzi nyekundu ya
mikono mifupi, kitenge cha bluu chenye duara nyeupe
MAHALI: mwalo wa mchanga kando ya ziwa, mawe matatu makubwa
ya kijivu yaliyopandana, kibanda cha mabati yenye kutu,
chanja ndefu ya miti
MTINDO: mchoro wa penseli na rangi za maji, fremu pana 16:9
```

Na inayobadilika, kwa mfano wa fremu ya nne:

```
FREMU 4: shoti ya kati, kamera inatazama nchi kavu,
Kabula amesimama, ndoo nyeupe iliyojaa dagaa miguuni pake
MWANGA: jua limechomoza sasa hivi, liko nyuma yake,
ukingo wa mabega unang'aa, uso umo kivulini
```

Mpangilio unaofaa wakati wa kubandika ni fremu kwanza, kisha mtu, mwanga, mahali, na mtindo mwishoni. Fremu ambayo Kabula hayumo, mstari wake uondolewe kabisa, la sivyo atajitokeza kwenye maji akiwa na kilemba chake.

## Dalili: mtu anabadilika sura au nguo

Hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida mno, ni mwandishi kubadilisha maneno. Fremu ya pili imeandikwa "kitenge cha bluu", ya tatu "nguo ya bluu", ya nne "gauni la buluu lenye maua". Kwa msomaji wa kawaida ni vazi lile lile. Kwa programu ni mavazi matatu. Sisi tuliofundishwa shuleni kwamba kurudia neno ni udhaifu wa insha tunaumia hapa, kwa sababu kazi hii inadai kurudia. Ukaguzi wake ni mwepesi: weka prompti zote sita kwenye ukurasa mmoja, mstari wa KABULA chini ya mwenzake, na usome wima. Neno lililopinda litaonekana. Dawa ni kunakili na kubandika, kamwe usiandike upya kwa kichwa.

Jamaa wa kosa hili ni tafsiri. Programu nyingi zimefundishwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, hivyo wengi huandika Kiswahili na kutafsiri kabla ya kubandika. Ukitafsiri kila fremu peke yake, mtafsiri anaweza kukupa neno tofauti kila mara: kilemba leo ni kofia, kesho ni skafu. Tafsiri mistari mitatu isiyobadilika mara moja tu, isome neno kwa neno, kisha iweke kwenye faili na uitumie hiyo hiyo hadi mwisho wa kazi.

Sababu ya pili ni maelezo yasiyoshika. "Mwanamke mrembo wa Kiafrika" inaelezea mamilioni ya nyuso, na programu itachagua mpya kila fremu. Jina nalo halisaidii. Kabula ni Kabula kwako wewe, si kwa programu, ila kama chombo chako kina sehemu ya kuhifadhi mhusika kwa jina. Andika vitu vinne au vitano vinavyoonekana hata akiwa mbali: umbo la mwili, rangi ya kilemba, rangi ya blauzi, mchoro wa kitenge. Epuka alama zenye upande, kama kovu juu ya nyusi ya kushoto. Programu hizi huchanganya kushoto na kulia, na kovu litatembea usoni fremu baada ya fremu. Fundo la kilemba liwe mbele, katikati, na tatizo limeisha.

Sababu ya tatu ni urefu. Baadhi ya programu hukata prompti ndefu bila kukuambia. Stable Diffusion 1.5, kwa mfano, husoma tokeni 77 kwa mkupuo, mbili kati ya hizo zikiwa za kuanzia na kumalizia. Tokeni ni kipande cha neno, na maneno ya Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, hivyo nafasi hujaa upesi. Kama kitenge kimetajwa mwishoni kabisa, huenda hakikusomwa. Jaribu hivi: peleka kitenge mwanzoni bila kugusa kitu kingine. Kikirudi kwenye picha, ulikuwa unakatwa, na inabidi upunguze sifa za mahali.

Kisha kuna kuambukizana. Kabula yuko na mvuvi mwenye fulana ya kijani, na picha inatoka Kabula akiwa na kilemba cha kijani na mvuvi amefunga kitenge. Sifa za watu wawili katika prompti moja humwagika kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hasa zikifanana aina. Mpe kila mtu sentensi yake kamili, na mtaje mtu kabla ya nguo zake. Ikishindikana, acha kupigana nayo. Chora mvuvi peke yake na Kabula peke yake kwenye fremu mbili za kupokezana, mmoja anatazama kulia na mwingine kushoto. Storibodi nyingi huendeshwa hivyo hata zinapochorwa kwa mkono, na mtazamaji ataelewa kwamba wanazungumza.

Maandishi yakiwa sawa na sura bado inateleza, ndipo uingie kwenye picha rejea. Chora kwanza Kabula peke yake mbele ya ukuta mtupu, mwanga wa kawaida, mara tatu: mbele, ubavu, na mwili mzima. Chagua seti moja, iwe picha mama. Kila fremu ipewe picha mama hiyo pamoja na maandishi. Wengi hutegemea badala yake namba ya mbegu, ile inayosomeka `seed`. Namba hiyo ikiwa sawa, na prompti sawa, na mipangilio yote sawa, utapata picha ile ile. Ukibadilisha kitendo au shoti, picha inabadilika, na uso nao. Mbegu inafaa kwa marekebisho madogo ndani ya fremu moja. Haimbebi mtu kutoka fremu hadi fremu.

Hatua ya mwisho ni kufundisha kiambatisho cha mhusika, kiitwacho LoRA, kwa picha kati ya 15 na 30 za mtu huyo huyo katika mikao na mianga tofauti. Inahitaji kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu, na inahitaji mtu aliyewahi kuifanya. Kwa fremu sita haina maana. Kwa mfululizo wa fremu mia moja, mtafute fundi wake kabla hujaanza.

## Dalili: mwanga unaruka, asubuhi inakuwa usiku au jioni

Anza na saa. Prompti ya Kiswahili inasema "saa moja asubuhi", na picha inatoka giza totoro na taa za mashua. Kilichotokea ni hiki:

```
saa moja asubuhi  ->  1 in the morning   (usiku wa manane)
saa moja asubuhi  ->  7 in the morning   (ndicho ulichotaka)
```

Mtafsiri, awe mtu au programu, amechukua moja kuwa moja. Hesabu yetu ya saa ina tofauti ya saa sita na ile iliyomo kwenye maelezo ambayo programu imejifunzia. Dawa si kubadili hesabu tu. Ondoa saa kabisa kwenye mstari wa MWANGA na uandike kinachoonekana: jua liko wapi, kimo gani, vivuli virefu kiasi gani, anga ina rangi gani. Saa ibaki kwenye daftari lako.

Daftari hilo linahitaji ukweli wa mahali. Mwanza iko karibu sana na ikweta, hivyo jua huchomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima. Saa kumi na mbili kamili bado ni kiza cha bluu. Mapambazuko ni mafupi, kama dakika ishirini hivi tangu nyuso zianze kuonekana hadi jua kutoka, na jua hupanda karibu wima. Saa moja baada ya kuchomoza, kivuli cha mtu aliyesimama ni kama mara nne ya urefu wake au zaidi kidogo. Saa mbili baada ya kuchomoza, ni kama mara mbili tu au pungufu. Ukiandika "vivuli virefu" kwenye fremu ya saa mbili na nusu asubuhi kwa sababu neno lenyewe linapendeza, fremu hiyo itaonekana imepigwa kabla ya ile iliyotangulia.

Sababu ya pili ni jua kukaa upande usio wake, na hapa makosa ni mengi kwa sababu programu inapenda mno jua linalochomoza juu ya maji. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba. Ziwa liko magharibi. Asubuhi jua hutoka nyuma ya vilima vya nchi kavu, na juu ya maji linazama tu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na Jiwe la Bismarck jioni anajua jua linashukia upande wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba. Ukionyesha Kabula akisubiri mashua huku jua likiibuka ziwani, watazamaji wa Mwanza watasoma jioni, na hadithi yako ya asubuhi imekufa hapo.

Programu haina dira. Haijui mashariki ni wapi kwenye mwalo wako. Lazima wewe ugeuze dira kuwa kulia, kushoto, mbele na nyuma ya kamera, upya kwa kila fremu. Kwa mwalo huu asubuhi ni hivi:

- Kamera ikitazama ziwa: jua liko nyuma ya kamera. Wanaotazama nchi kavu wana mwanga usoni, na anga juu ya maji ni tulivu, haina mng'ao.
- Kamera ikitazama nchi kavu: jua liko mbele, juu ya vilima. Watu wana ukingo unaong'aa na uso wenye kivuli.
- Kamera ikitazama kaskazini kando ya maji: ziwa kushoto, jua linatoka kulia.
- Kamera ikitazama kusini: ziwa kulia, jua linatoka kushoto.

Sasa tazama kosa lililokuwa kwenye rasimu ya fremu ya nne na ya tano. Zote mbili ziliandikwa "mwanga kutoka kulia", kwa nia njema ya kuweka mwendelezo. Lakini fremu ya nne kamera inatazama nchi kavu, na ya tano, Kabula anapoanika, kamera inatazama kaskazini. "Kulia" ya fremu ya tano ni mashariki, sawa kabisa. "Kulia" ya fremu ya nne ni kusini, na jua halitoki kusini. Kurudia neno lile lile kulivunja mwendelezo badala ya kuulinda. Ndiyo maana mstari wa MWANGA haumo kwenye kifungu kisichobadilika. Jua lenyewe halihami. Kamera inapogeuka, maneno yake hugeuka nayo.

Sababu ya tatu ni maneno ya hisia. "Mandhari ya kuvutia", "mwanga wa dhahabu", "picha ya kusisimua" huvuta machweo bila kuombwa. Yafute yote. Hisia ya alfajiri itatoka kwenye kimo cha jua na rangi ya anga.

Maneno yakishakuwa sahihi na rangi za fremu bado zinatofautiana kidogo, usizichore upya. Sawazisha rangi kwenye programu ya kuhariri picha, fremu zote sita zikiwa zimepangwa sambamba. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na kuchora upya kunaweza kukupotezea uso uliokwishaupata.

## Dalili: mahali panahama

Mawe yanakuwa matatu, kisha saba. Kibanda kinahamia upande wa pili wa mashua. Mara mwalo umekuwa pwani ya bahari, minazi imejaa na jahazi lina tanga la pembetatu.

Tuanze na bahari, maana inaudhi. Programu imeona picha nyingi za Zanzibar na chache mno za ziwani. Ukitaja "mvuvi", "mashua" na "Tanzania" katika prompti moja, inakupeleka pwani. Usitegemee jina la mahali likubebee mzigo. "Mwanza" linaweza kuleta kitu au lisilete. Eleza chombo kwa umbo: mashua ndefu ya mbao, pua iliyochongoka, injini ndogo nyuma. Eleza ufuo: mchanga wa kijivu, magugu maji ukingoni, majabali ya mviringo. Ukitaja magugu maji yanayoelea, mara nyingi minazi huondoka yenyewe, kwa sababu vitu hivyo viwili havikai pamoja kwenye picha ambazo programu imejifunzia.

Kisha kuna kukanusha. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa, kwa kuwa mwanga wa mwezi huzidi nguvu taa zinazovuta dagaa. Mwandishi anayelijua hilo anaandika kwenye fremu ya kwanza "anga bila mwezi", na mwezi mpevu unatokea juu ya mashua. Programu nyingi hushika neno mwezi na kuliacha neno bila. Andika kilichopo: "anga nyeusi ya bluu yenye nyota, taa ndogo za njano juu ya maji kwa mbali". Kama chombo chako kina kisanduku cha vitu visivyotakiwa, mwezi na minazi vikae huko, si kwenye prompti yenyewe. Ndiyo sababu blauzi ya Kabula ni "ya mikono mifupi" na haikuandikwa "isiyo na mikono mirefu".

Vitu kuhama upande kunatokana na kutokuwa na ramani. Kabla ya prompti yoyote, chora mwalo kwa penseli kama unavyoonekana kutoka juu: mstari wa maji, mawe matatu, kibanda, chanja, na mshale wa kaskazini. Kwenye ramani yetu mawe yako mwisho wa kaskazini, kibanda kiko upande wa nchi kavu, chanja iko katikati. Halafu weka alama ya kamera kwa kila fremu na usome kinachoangukia ndani ya mtazamo wake. Fremu ya nne, inayotazama nchi kavu, ina kibanda nyuma ya Kabula na mawe hayamo kabisa, au yanachungulia kwenye ukingo wa kushoto. Kwa hiyo kwenye fremu hiyo futa mawe kwenye mstari wa MAHALI. Hilo ndilo badiliko pekee linaloruhusiwa kwenye kifungu kikuu: kutoa kisichoonekana. Kuongeza au kusema kwa maneno mengine, hapana.

Na vitu vya kushikilia mahali viwe vitatu tu. Ukitaja kumi, programu itachora sita, na hivyo sita vitabadilika kila fremu.

Ikihitajika hatua ya ndani zaidi, chora mwalo mtupu, bila watu, mara moja kwa kila mwelekeo wa kamera. Hapa ni picha tatu: ziwani, nchi kavu, kaskazini. Hizo ziwe picha rejea za mahali. Watu waingizwe juu yake kwa kuhariri sehemu tu ya picha, ukiweka barakoa, yaani alama inayoionyesha programu sehemu ya kubadilisha, pale mtu atakaposimama na kuacha kwingine kusiguswe na chochote. Kazi inaongezeka mwanzoni, lakini mawe hayatahama tena.

## Dalili: ndoo imejaa, mara tupu, mara imejaa

Programu haijui kwamba dagaa walionunuliwa fremu ya nne wameanikwa fremu ya tano. Ndoo haikai kwenye mstari wa KABULA kwa sababu hali yake inabadilika. Iandike kwenye mstari wa fremu kila inapoonekana, rangi ile ile na hali yake: tupu mkononi fremu ya pili, imejaa miguuni fremu ya nne, tupu imelala kando ya chanja fremu ya tano. Orodha ya vitu na hali zake kwenye daftari, safu moja kwa kila kitu, inatosha.

## Dalili: fremu za mwanzo nzuri, za mwisho zimeoza

Rangi zinazidi kuwaka, ngozi inakuwa laini kama plastiki, mistari ya penseli inapotea, na Kabula wa fremu ya sita anafanana na dada yake Kabula wa kwanza. Sababu karibu kila mara ni moja: kila fremu ilitumia fremu iliyotangulia kama picha rejea. Kosa dogo la ya pili linarithiwa na ya tatu, ya tatu inaongeza lake, na hivyo hadi mwisho, kama nakala inayotolewa kwenye nakala.

Rudi kwenye picha mama kila mara. Fremu ya sita ipewe Kabula wa picha mama na mwalo wa picha rejea, si fremu ya tano. Kwenye programu za mazungumzo, fungua mazungumzo mapya kwa kila fremu, bandika kifungu kikuu na picha mama, kisha mistari ya fremu hiyo. Ukitaka kujua kama ugonjwa ni huu, weka fremu ya kwanza na ya sita ubavu kwa ubavu, ziwe ndogo kama stempu. Tofauti ya rangi itaonekana kabla ya tofauti ya uso.

## Pa kusimama

Ukichora fremu moja mara nne kwa prompti ile ile na kosa lile lile likarudi, acha kubonyeza. Maandishi ndiyo yana kosa, au jambo lenyewe liko nje ya uwezo wa chombo. Badilisha kitu kimoja, jaribu tena mara mbili, kisha amua.

Mpigie mchoraji kwa fremu hizi bila kusubiri: mikono inayoshona wavu, kwa sababu matundu na vidole huungana; watu watatu au zaidi wanaogusana, kama vijana wanaoburuta mashua nchi kavu; na mikono ya wawili ikipokezana pesa. Mchoro wa mistari michache wa mtu anayejua kazi utaeleweka kuliko picha nzuri yenye vidole sita. Maandishi na namba za ubavuni mwa mashua usiziombe kwenye prompti. Ziandike mwenyewe baadaye kwenye programu ya kuhariri.

Simama kabisa kama picha mama ni ya mtu halisi ambaye hajakubali, hata akiwa mchuuzi unayemwona kila siku mwaloni. Mweleze kazi itaonekana wapi, pata ruhusa yake kwa maandishi, au tengeneza uso wa kubuni.

Na kama storibodi hii itapigwa filamu kweli, fremu ya kwanza, ile ya mashua usiku, ipelekwe kwa nahodha anayelijua ziwa hilo kabla ya kuingia kwenye ratiba. Picha imeweka mashua nne karibu karibu kwa sababu zinapendeza zikiwa hivyo. Yeye ndiye atakayesema zikae umbali gani, upepo wa saa hizo unavuma vipi, wangapi wapande na maboya ya kujiokolea yawe mangapi. Akibadilisha mpangilio, chora upya fremu kufuata neno lake, na uangalie fremu ya tatu pia, maana mashua inayogusa mchanga pale ni mojawapo ya hizo nne.